Kumbe muuzaji ni stetasi ya WhatsApp

Jamani mimi miezi yote nikiamini vivideo vya Instagram ndo vyaniuzia vikoi hapa Lamu, nakesha naediti mpaka adhana ya alfajiri, na nikifungua Google Analytics ya duka langu la mtandaoni oda nyingi zaandikwa (direct), yaani haijui mtu katokea wapi, maana linki ya WhatsApp ikibonyezwa mara nyingi haisemi ilikotoka.

Basi kabla ya Idi nikaanza kuzipa linki lebo, mwisho wa linki ya duka naongeza hivi:

```
?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=idi&utm_content=kikoi_baraza
```

Source ni nilikoitupia, content ni posti yenyewe, hiyo usiiache kwa sababu ndo yatofautisha posti mbili za mahali pamoja. Wiki ya kwanza niliboronga, siku moja naandika Whatsapp siku nyingine whatsapp, ripoti ikanipa mistari miwili kama watu wawili tofauti 😂 sasa herufi ndogo tu.

Matokeo? Insta waliobonyeza 212, oda moja. Stetasi 38, oda sita! Tena ile picha ya kikoi kimeanikwa barazani, niliipiga kwa simu bila hata kujipanga.

Ila wale wa inboksi "bei gani dada" halafu wanatuma M-Pesa bila kupita dukani mtandaoni hawamo kwenye hesabu hiyo, hao nawauliza tu umeiona wapi, naandika kwenye daftari la madeni ukurasa wa nyuma.