Vile nilitafuta uzito wa rola hadi skuta ikapanda Kangemi

Skuta yangu ni ile ya Kichina ya 150, injini ya GY6 ya kabureta, niliichukua ikiwa imetumika. Kwa tambarare haina neno, lakini ukitoka Kangemi ukianza kupanda kuelekea Uthiru na umebeba mtu, inaishiwa kabisa, injini inanguruma chini chini, unafungua eksileta yote na hakuna kinachobadilika, hadi lori la mawe linakupita. Kuna fundi aliniambia nipasue injini niweke pistoni na ringi mpya, lakini kompresheni ilikua poa, plagi ina rangi ya kahawia safi, haitoi moshi. Nikaona wacha nianzie upande wa belti juu huko ndio bei rahisi.

Kama hujawahi kufungua ule mfuniko wa kushoto, story iko hivi. Skuta haina gia za kuingiza kwa mguu, belti ndio gia yake, inazunguka kati ya puli ya mbele na ya nyuma. Mbele kwa krenki kuna varieta, hiyo ndio puli ya mbele, na ndani yake kuna rola 6, vigololi vya mviringo kama kapipa. Injini ikizunguka, rola zinarushwa nje, zinapanda kamlima kalichochongwa ndani ya varieta na zinasukuma puli ibane belti, belti inapanda juu na skuta inakua kama imeweka gia ndefu. Nyuma kuna springi kubwa, mafundi wanaiita kontra, hiyo inavuta kinyume, inataka belti irudi gia fupi. Hao wawili wanavutana saa yote. Rola zikiwa nzito zinashinda mapema, gia inakua ndefu kabla injini haijapata nguvu, zikiwa nyepesi injini inaachwa izunguke zaidi kwanza.

Sasa hapa kwetu kuna kitu watu hawafikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inavuta kama sehemu moja kwa sita chini ya ile ingevuta ikiwa Mombasa, na nguvu inapungua karibu hivyo hivyo. Lakini rola hazijui mambo ya hewa, uzito wake ni ule ule. Kwa hivyo skuta ambayo rola zake zimepangiwa mji wa pwani, ikija huku inapanda gia ndefu na injini haina nguvu ya kuibeba. Binamu yangu ako Likoni na skuta kama hii yangu, rola za kiwanda, na haelewi nalalamika nini.

Shida ilikua kujua nipunguze kiasi gani, juu ukiuliza pale Kirinyaga kwa maduka ya spea kila mtu ana namba yake. Kijana mmoja wa spea aliniambia, "Kiongozi, weka za gramu 8 utanishukuru." Mimi nikataka kupima. Nikanunua kale kamita kadogo ka mizunguko ya injini, waya wake unauzungushia tu waya wa plagi. Uangalie hapa: GY6 inatoa cheche kila mzunguko wa krenki, hata ule ambao hauchomi mafuta, kwa hivyo kamita ukiweke kwa cheche moja kwa mzunguko mmoja. Ukiona skuta imetulia bila eksileta na kamita kanasema 3,400 au 850, jua mpangilio ni wa uwongo, inafaa iwe karibu mizunguko 1,700 kwa dakika.

Nikapanda Kangemi eksileta ikiwa imefunguka yote, nikitupia kamita jicho, ikakwama 6,000. Injini hii inatoa nguvu yake kubwa karibu na 7,500, yaani mimi nilikua napanda kilima nikiwa nimeacha nguvu mezani. Nikaamua nilenge 7,000, si 7,500 yenyewe, juu sitaki kelele na mafuta kuisha kwa safari za kawaida.

Nikafungua, rola za ndani zilikua za 18 kwa 14 milimita, na zimekula bapa upande mmoja, yaani si duara tena, ukiiviringisha kwa meza inagonga gonga. Hizo hata zingekua na uzito sahihi hazingeteleza vizuri. Nikaziweka zote 6 pamoja kwa mizani ya jikoni, gramu 77, yaani karibu 13 kila moja. Pima zote pamoja, juu mizani ya jikoni ikipima kitu kimoja kidogo inadanganya.

Hesabu yake si ngumu, juu nguvu ya rola kurushwa nje inaenda na uzito mara mizunguko mara mizunguko tena:

uzito mpya = uzito wa zamani × (mizunguko ya sasa ÷ mizunguko unayotaka)²

Kwangu ni 13 × (6,000 ÷ 7,000)², inatoka kama 9.5. Si hesabu ya kuapia, kontra na ile kemu ya puli ya nyuma, yaani mifereji inayoiongoza ikifunguka na kufunga, nazo zina maneno yao, lakini inakufikisha mtaa unaofaa badala ya kununua seti nne kwa kubahatisha. Rola za 9.5 sikupata, kwa hivyo nikachukua seti ya 10 na seti ya 9, nikapanga tatu za hii na tatu za ile, moja moja zikipishana, ili varieta isiwe nzito upande mmoja. Usiweke tatu za 10 zikifuatana.

Kuzirudisha ndani, rola ina upande mmoja umezibwa na plastiki na mwingine chuma kinaonekana. Angalia ndani ya varieta, kila chumba kina ukuta mmoja uliosuguliwa hadi unang'aa, huo ndio unaosukumwa, upande wa plastiki uangalie huko. Sikupaka grisi, hii varieta inafanya kazi kavu, grisi ikiruka kwa belti umeharibu yote.

Halafu ile sehemu ambayo ndio mafundi wengi wa haraka wanaharibu watu skuta: kabla hujakaza nati ya mbele, finya puli ya nyuma ifunguke, belti izame chini kabisa huko nyuma, ndio mbele ipate ulegevu. Belti ikiwa imekaza, inakwama katikati ya sahani mbili za mbele, unakaza nati unahisi imefika na kumbe imebana belti tu. Ukiwasha, belti inatoka hapo, nati inalegea, na meno ya ile sahani yenye feni yanasagika. Kabla ya kufunga mfuniko zungusha sahani ya mbele kwa mkono, belti inafaa icheze kidogo na meno ya sahani yawe yameingia kwa krenki hadi mwisho.

Nikarudi Kangemi, ikakaa karibu 7,000 kupanda kote na mtu nyuma, ile kunguruma ikaisha. Nikajaribu pia 9 zote 6, ikaenda 7,200, lakini juu ya kilima nilifika na mwendo ule ule, kilichoongezeka ni kelele. Rola haiongezi nguvu jameni, inachagua tu mahali injini inafanyia kazi.

Sasa mwendo wa juu. Watu wanasema rola nyepesi zinaua spidi, na inaweza kua kweli, lakini kuna njia ya kujua bila kubishana. Chukua makapeni, chora mistari kwa uso wa sahani ya mbele ya feni, kutoka katikati hadi ukingoni, funga, toka barabara ya Thika asubuhi ya Jumapili ukimbize hadi isiongeze tena, rudi ufungue. Belti inafuta wino hadi pale ilipofika. Na zile za 9.5 wino ulifutika karibu hadi ukingoni, na GPS ya simu ilinipa 82, na rola za zamani nilikua napata 78 na ikipatana na upepo au kamwinuko inarudi 70. Yaani hapa kwetu nyepesi kidogo zilinipa hata mwendo uliotulia zaidi, juu zile nzito injini haikua inaweza kuzibeba.

Kwa kontra nilijaribu ile ngumu iliyoandikwa 1,500 pamoja na rola hizo hizo. Eksileta ikifunguliwa ghafla inarudi gia fupi haraka sana, tamu ukitaka kupita matatu, lakini wino ulibaki kidole kizima bila kufutwa, injini inalia kwa 65, na mfuniko wa belti ulikua moto huwezi kushika. Nikarudisha ya kiwanda. Ukitaka kontra ngumu lazima uongeze uzito wa rola, na hapo umerudi kule ulitoka na belti inabanwa zaidi bila sababu.

Springi ndogo tatu za klachi ni mambo tofauti kabisa na wengi wanazichanganya na kontra. Hizo zinashika viatu vya klachi visifunguke mapema, kazi yake inaisha skuta ikishatoka, hazigusi spidi wala kilima. Zikiwa ngumu, klachi inashika injini ikiwa juu zaidi, kwa hivyo unaruka ukitoka kwa taa. Zinauzwa zimeandikwa 1,000, 1,500, 2,000, rangi usiziamini kila mtengenezaji ana zake. Niliweka 1,500 na kutoka kwa taa za Westlands ilikua raha, unaacha wote. Halafu ikaja jioni ya mvua, foleni kutoka mjini, unasogea hatua mbili unasimama, kila kusogea klachi inateleza kabla ya kushika. Nikaanza kunusa harufu ya breki iliyoungua, na nilipofungua, kengele ya klachi, lile bakuli la chuma ambalo viatu vinalishika, imekua na rangi ya bluu ndani na viatu vinang'aa kama kioo, kuondoka inatetemeka. Nikasugua viatu na kengele kwa msasa, nikaweka springi za 1,000. Inashika mapema vya kutosha kwa foleni na bado ina uchangamfu kuliko zile za zamani zilizochoka. Kama unatembeza skuta usiku au nje ya mji, 1,500 hazina shida, lakini kwa mtu wa barabara ya Waiyaki saa kumi na moja jioni mimi siwezi kumshauri.

Mafuta yameongezeka kidogo, siwezi kudanganya, hasa mjini. Rola naziangalia kila nikibadilisha belti au nikisikia mizunguko imeanza kucheza cheza kwa mwendo mmoja, juu bapa ikianza ndio dalili ya kwanza. Zile za 10 na za 9 zilizobaki niko nazo kwa mkebe, na yule binamu wa Likoni akitaka kuja kuishi Limuru nitampa hizo.