Insha ya kozi kuwa sura ya kitabu: swali lililofutwa lakini bado linatawala

Hatimaye rasimu ya tatu imesimama kwa miguu yake. Mbili za kwanza zilikuwa insha ileile iliyobadilishwa nguo, na inafaa kuandika kwa nini.

Insha yenyewe ilikuwa jibu la swali ambalo wengi waliosoma isimu ya Kiswahili wamewahi kulijibu: jadili sababu zilizofanya lahaja ya Kiunguja iteuliwe kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maneno kama elfu tatu. Kitabu kinachoipokea kinahusu lugha na miji ya pwani, na mhariri anataka maneno kati ya elfu sita na elfu saba, kwa wasomaji ambao wengi wao si wanaisimu.

Kufuta alama za darasani ndiyo kazi nyepesi. Geuza faili kuwa maandishi matupu, kisha tafuta:

```
pandoc insha.docx --wrap=none -t plain -o rasimu.txt
grep -niE 'kozi|mhadh[ai]r|mada ya|muhula|darasani|insha hii|swali hili' rasimu.txt
```

Hiyo `--wrap=none` isiachwe. Bila hiyo aya inakatwa vipandevipande, na maneno mawili kama "mada ya" yakiangukia mistari tofauti hayaonekani. Jambo jingine: pandoc haisomi kichwa wala kijachini cha ukurasa. Msimbo wa kozi na namba ya usajili hukaa hukohuko, na jina la kozi huweza kubaki pia katika sifa za faili. Hayo yanakaguliwa kwa macho ndani ya LibreOffice Writer. Kutumia "badilisha zote" kugeuza "insha hii" kuwa "sura hii" ni kujitafutia balaa, kwa sababu sentensi nyingi zenye maneno hayo hazihitaji kubadilishwa, zinahitaji kufutwa. "Insha hii itajadili sababu tano" ikigeuka "sura hii itajadili sababu tano" imebaki kuwa sentensi ya mtihani.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Swali la mhadhiri likifutwa kwenye ukurasa wa kwanza, halifutiki kwenye mpangilio. Kila aya ya insha ilianza na "Sababu ya kwanza", "Sababu ya pili", mpaka ya tano. Rasimu ya pili iliondoa namba na kuweka "Aidha", "Vilevile", "Pamoja na hayo". Matokeo yakawa mabaya zaidi: orodha imebaki, ila sasa msomaji haoni kwamba ni orodha, anaona tu aya zisizojua kwa nini zinafuatana.

Dalili yake hupimika. Andika kila aya kwa sentensi moja kwenye karatasi ya pembeni, kisha badilisha nafasi za aya mbili za katikati. Kama hakuna kinachoharibika, hakuna hoja, kuna orodha. Katika rasimu ya pili aya ya misafara ya biashara na aya ya wamisionari zilibadilishana bila hata kiunganishi kulalamika.

Tiba ilitoka mahali pasipotarajiwa: kwenye kusaka chanzo cha slaidi. Insha ilitaja "hatua nne za usanifishaji kama zilivyoelezwa kwenye mhadhara". Kwa mtindo wa APA, mhadhara ambao msomaji hawezi kuupata hutajwa kama mawasiliano binafsi ndani ya matini tu, hauingii kwenye marejeleo. Inaruhusiwa, lakini kuijenga sura nzima juu ya mawasiliano binafsi ni udhaifu, na mara nyingi kilichomo kwenye slaidi kina mwenyewe. Hatua hizo, yaani kuteua lahaja, kuisimba, kuipanua matumizi na kukubaliwa na jamii, ni za mwanaisimu Einar Haugen, katika makala yake ya 1966. Taja Haugen, mhadhara uondoke.

Ukizisoma kwenye chanzo badala ya kwenye slaidi, jambo linajitokeza lenyewe. Sababu zote tano za insha zimejazana kwenye hatua ya kwanza. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925 na ule wa Mombasa wa 1928 ni uteuzi. Kamati ya Lugha iliyoanza 1930, na kamusi sanifu iliyotoka 1939, ni usimbaji. Kukubaliwa hakukuguswa popote, kwa kuwa swali la darasani halikuuliza. Basi swali jipya la sura likawa hili: lahaja ilipokwisha kuteuliwa, ni kazi gani iliyobaki, na ni nani hakuukubali uteuzi huo?

Aya zilianza kupangana kwa sababu na matokeo. Mfano ni aya ya Wajerumani. Ya zamani:

"Sababu ya tatu, kama tulivyoona katika mada ya pili, ni kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kukitumia Kiswahili katika utawala wao."

Ya sasa:

"Misafara iliyotoka pwani ya Mrima ilikuwa imekifikisha Kiswahili bara kabla ya Wajerumani. Nao wakakichukua, wakakitia shuleni na kwenye ofisi za maakida. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walirithi makarani na walimu waliokwisha kukiandika."

Hii haiwezi kuhamishwa. Inadai misafara itangulie, na inaidai aya inayofuata ieleze kwa nini urithi huo uliielemea Unguja kuliko Mombasa.

Toni nayo ilijirekebisha kwa kiasi kikubwa mpangilio ulipobadilika. Msomaji wa insha analijua jibu, anapima kama mwanafunzi analijua. Kwa hiyo insha hupanga fasili nne za "usanifishaji" mfululizo, fulani anasema hivi, naye fulani anaongeza vile. Msomaji wa kitabu halijui jibu na hampimi mtu. Anatosheka na fasili moja, papo hapo inapohitajika. Ukurasa mzima wa fasili uliondoka. Kinyume chake, mambo ambayo insha iliyaruka kwa kuwa mhadhiri anayajua yalipaswa kuongezwa: kwamba mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 na kazi yake ilijengwa juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, huku Steere na misheni ya Kianglikana ya UMCA wakifanya kazi Unguja. Bila hayo, msomaji hajui kwamba kulikuwa na washindani wawili waliokwisha kuwa na maandishi.

Mpango ulikuwa kumalizia na hitimisho jipya. Limeahirishwa, kwa sababu wazo jingine limeingia njiani: mkutano uliokipa Kiunguja ushindi ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. Kwenye insha hilo lilikuwa tarehe ndani ya mabano. Katika kitabu cha miji ya pwani ndilo lango la sura, na linaelekeza moja kwa moja kwenye suala la kukubaliwa, kwani washairi wa Mombasa hawakuacha Kimvita. Diwani ya Abdilatif Abdalla ya 1973 inatosha kuonyesha. Utangulizi unaandikwa upya kuanzia hapo.

Zotero imesaidia kuhamisha marejeleo kwenda mtindo wa mhariri, ila haiwezi kukuambia kwamba slaidi ina chanzo kingine nyuma yake. Ingizo lolote lenye aina ya "Presentation" lifunguliwe kwa mkono. Mabadiliko yaliyofuatiliwa yamezimwa kabisa: pale ambapo nusu ya aya zinahama, rangi hizo hazimsaidii mtu.

Limebaki la Turnitin, mfumo wa kukagua mfanano wa maandishi. Insha ikiwa ilihifadhiwa kwenye hazina yake wakati wa kukusanywa, sura itaonyesha mfanano na kazi ya mwanafunzi, na ripoti peke yake haisemi kuwa mwanafunzi huyo ndiye mwandishi. Barua kwa mhariri itakayoambatana na rasimu inaeleza asili ya sura, na tanbihi ya kwanza inasema vivyo hivyo kwa sentensi moja, bila kutaja kozi.