Siku kumi za mtama

Mwaka 2019 nilikuwa mlezi wa vijana katika kanisa moja mjini Morogoro. Wakaniomba niwaandikie muswada wa video ya dakika sita kuhusu kutofuata mkumbo. Nikachagua Danieli sura ya 1, pale Danieli na wenzake wanapokataa chakula na divai ya mfalme wa Babeli, nikauandika kwa usiku mmoja, nikalala nimeridhika.

Jumamosi tulikaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa kuusoma kwa sauti. Onyesho la kwanza lilikuwa Babeli: vijana wanne wamejifunga mapazia mbele ya meza ya mfalme. Likafuata la leo, sherehe ya kuzaliwa huko Kihonda. Rafiki anamsogezea mhusika wangu mkuu glasi ya pombe na kumwambia, "Usipokunywa wewe si mwenzetu! Achana na mambo ya Mungu!" Naye anamjibu kwa mistari saba kuhusu mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu akaweka karatasi chini. "Dada, samahani. Huyu ni rafiki yake au ni pepo?"

Walicheka mpaka nikacheka nao, ingawa iliniuma.

"Sasa yeye angesemaje?" nikamuuliza.

Hakusema. Alichukua kifuniko cha chupa ya maji, akakijaza, akamnyooshea jirani yake huku macho yake yakiwa kwa mtu mwingine. "Oya, shika. Tunamuimbia mwana." Mkono ukabaki umenyooka. Jirani akakipokea kabla hajawaza lolote. "Umeona?" akaniambia. "Hakuna aliyemlazimisha."

Nilirudi nyumbani nikaisoma sura ile upya, safari hii nikimwangalia anayekataa na anayekataliwa. Mkuu wa matowashi, Ashpenazi, hana ubaya na Danieli. Maandiko yanasema Danieli alipata kibali machoni pake. Anamkatalia kwa sababu anamwogopa mfalme: vijana wakikonda, kichwa chake ndicho kitakachokuwa hatarini. Danieli hamhubirii. Anamwendea msimamizi, mtu wa chini zaidi, na ombi dogo lenye mwisho: utujaribu siku kumi, tupewe mtama na maji, kisha utazame nyuso zetu. (Mtama ni wa Biblia ya Union. Tafsiri nyingine zinasema mboga za majani, lakini kwetu Morogoro mtama ulikaa vizuri zaidi mdomoni.)

Basi mapazia nikayarudisha dirishani. Babeli ikabaki sauti tu: msichana anasoma aya chache, huku kamera ikiangalia glasi zikijazwa Kihonda. Ashpenazi akawa mwenye sherehe mwenyewe:

"Mwana, mimi nipe soda tu."

"Usinizingue bwana. Bro ndiye aliyetoa hela. Akiona huna kitu mkononi ataniona mimi ndiye nimekubania."

"Kwa hiyo unaogopa bro."

"Sana tu."

Msimamizi akawa binti anayegawa vinywaji. Mhusika wangu anamfuata pembeni: "Dada, nipe soda nusu saa tu. Nikiwaharibia sherehe, nitaondoka mwenyewe."

Hapo tukabishana. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba binti anamimina soda kwenye glasi kama za wenzake, kimya kimya. Msichana wa kwaya akapinga: huko ni kujificha. Mwingine akamjibu kwamba hata mfalme Nebukadneza hakuambiwa habari ya ule mtama, na hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini Danieli alisema nia yake waziwazi kwa wahusika wote wawili, na kamera haiwezi kuonyesha tofauti ya soda na pombe ndani ya glasi. Tukaamua anywe kwenye chupa, mbele ya wote.

Tulirekodi kwa simu moja, iliyofungwa kwa mpira kwenye mgongo wa kiti. Pombe ilikuwa chai ya rangi iliyopoa. Mara mbili sauti iliharibiwa na bodaboda. Mara ya tatu yule kijana wa kidato cha tatu, ambaye ndiye aliyeigiza mwenye sherehe, alinyoosha glasi kama alivyonyoosha kile kifuniko. Mwenzake akainua chupa yake. Kwenye muswada nilikuwa nimeandika: *anakasirika, anaondoka.* Yeye akaiangalia chupa, akamgongea glasi yake. "Haya, we na soda yako. Ila keki hukosi, maana bro atahesabu."

Hiyo "bro atahesabu" hakuna aliyeiandika. Nikaacha kamera iendelee mpaka wakamaliza kuimba, kisha nikamtuma mtu arudishe chupa tatu dukani kabla halijafungwa.