Skrinshoti ya P0171 ilivyoninusuru nisinunue sensa

Taa ya cheki injini ikiwaka, fundi wa kwanza atasoma kodi ya hitilafu na kukutajia kifaa cha kununua. Mimi nilitajiwa sensa ya oksijeni. Kodi ilikuwa P0171, maelezo yake kwenye apu ni System Too Lean (Bank 1), yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Sasa hapo hakuna mtu aliyesema sensa imekufa, sensa ndiyo iliyotoa taarifa, ila fundi akaona neno sensa kichwani akaenda nalo.

Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, cc 1500, petroli. Nilichomeka kile kidude cha bluetuthi cha ELM327 kwenye soketi ya OBD2 chini ya usukani, nikawasha gari nikaiacha ipate moto kabisa, maana injini ikiwa baridi kompyuta inamwaga mafuta kwa mahesabu yake bila kuisikiliza sensa, namba utakazopata hapo hazina maana. Halafu nikapiga skrinshoti gari ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta:

```
RPM      720
Coolant  88 C
STFT B1  +6.3 %
LTFT B1  +21.9 %
MAF      1.42 g/s
```

Joto 88, sawa, injini imeshaiva. Za kuangalia ni hizo mbili za katikati. STFT ni masahihisho ya mafuta ya papo hapo, inarukaruka muda wote, LTFT ni yale ambayo kompyuta imeshayazoea na kuyahifadhi. Zikiwa na alama ya kujumlisha kompyuta inaongeza mafuta, za kutoa inapunguza. Unazijumlisha: 6.3 na 21.9 ni kama 28, yaani gari inaongezewa mafuta asilimia 28 zaidi ya hesabu yake. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, hata ikifika 5 au 8 hivi sio kesi.

Skrinshoti moja haitoshi lakini, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Nilimwambia mdogo wangu akanyage mafuta ashikilie 2500 nikapiga ya pili:

```
RPM      2500
STFT B1  +0.8 %
LTFT B1  +7.0 %
```

Kutoka 28 hadi kama 8! Hiyo ndiyo ilinipa jibu. Kama pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba, injini ikiomba mafuta mengi hali inakuwa mbaya zaidi, haiwi nzuri. MAF, ile sensa inayopima hewa inayoingia, ikiwa chafu nayo haiponi kwa kupiga resi. Lakini kama kuna hewa inaingia kwa wizi baada ya MAF, kwenye sailensa hewa halali ni kidogo kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ukipiga resi hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa, kama kijiko cha chumvi kwenye kikombe na kijiko hichohicho kwenye ndoo. Hata hiyo MAF ya 1.42 ilikuwa chini kidogo kwa injini ya 1500, nilitegemea kama 2, kwa sababu hewa nyingine haikupitia pale ikahesabiwa.

Nikarudi kwa fundi na simu mkononi. Akacheka, "Bosi siku hizi na wewe fundi?" Nikamwambia kaka, tutafute tu panapovuta hewa. Kuna ule mpira mfupi unaotoka kwenye valvu ya PCV kwenda kwenye manifodi ya hewa, akaufinya kwa koleo upande wa manifodi, mimi macho kwenye simu. STFT ikashuka pale pale mpaka -15.6 na mtetemo wa sailensa ukapungua. Minus hiyo sio tatizo jipya, ni kwamba LTFT bado ilikuwa imekaa kwenye 21.9 ya zamani, STFT ikawa inairudisha nyuma. Na hapo pia ukajua sensa ya oksijeni ni nzima, mfu asingeitikia haraka vile. Mpira ulipotolewa ulikuwa umepasuka chini kwenye kona, kwa juu huoni kitu.

Tukaweka mpira mpya, nikafuta kodi. Angalizo: usifute kabla hujapiga skrinshoti ya freeze frame, ile picha ya hali ya injini wakati kodi inaingia, maana ukifuta inapotea na LTFT inaanza upya. Na kama gari yako haina MAF bali ina MAP, sensa inayopima presha ya hewa kwenye manifodi, usitumie hesabu yangu hivi hivi, hewa ya wizi huko mara nyingi inaonekana kwa sailensa kupanda juu. Yangu baada ya kuendesha wiki hivi LTFT ilitulia kwenye +2.3, kodi haijarudi.