Kifungu cha zawadi ambacho hata dereva anakitumia

Kanuni za shirika letu zilikataza "zawadi yenye thamani kubwa", na kila mtu akawa na mizani yake. Nilipoandika upya nilianza na mtoaji, si bei. Kama ana zabuni, ankara au maombi yanayosubiri uamuzi wetu, hupokei kitu zaidi ya chai ya mkutanoni. Kwa watoaji wengine, hadi shilingi 20,000 pokea. Ikizidi, iandikwe kwenye daftari la zawadi ndani ya siku 2. Fedha taslimu hapana, hata shilingi 500.

Kazi ilikuwa kuku wa kijijini. Ukimkataa, mwenyeji anaona umemdharau. Tukaandika: mpokee kwa niaba ya ofisi, mwandikishe, aliwe na wote.

Kwenye mgongano wa maslahi tuliwataja watu: mwenza, wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, wakwe, shemeji, na yeyote mnayedaiana. Jina lake likitokea kwenye zabuni, unajaza fomu kabla bahasha hazijafunguliwa, unatoka chumbani, na muhtasari unaandika saa uliyotoka. Wa kwanza kutoka alikuwa ofisa ununuzi. Shemeji yake anauza karatasi.