Siku yangu moja: kumwandikia mtu aliyeamshwa usingizini

Nikiulizwa kazi yangu, husema naandika ujumbe mfupi, na watu hucheka. Seva ikipata hitilafu usiku, mfumo humtumia mhandisi wa zamu tahadhari kwenye simu. Mfumo ndio unaotuma, lakini maneno ni yangu.

Saa 2 asubuhi. Napitia tahadhari zilizolia usiku. Zilikuwa 14, na kufikia saa 3 nimeshamaliza 13. Nyingi zilihitaji kubadilishwa neno moja, mbili nimezifuta kabisa. Ile iliyobaki ndiyo iliyonimalizia siku:

```
DiskUsageHigh db-2 value=0.8912746
```

Mwenzangu aliipokea saa 9 usiku. Namkuta macho mekundu. "Kaka, nilielewa kuwa ni diski," ananiambia. "Sasa nifanye nini nayo? Nikaanza kutafuta mafaili makubwa nifute."

Moyo ukanipiga paa. Mafaili makubwa yalikuwa ndani ya `pg_wal`, folda ambamo hifadhidata yetu, PostgreSQL, huandika kila badiliko kabla halijaingia kwenye mafaili ya majedwali. Ukifuta humo kwa mkono, hifadhidata inaweza kugoma kuwaka tena. Folda hiyo zamani iliitwa `pg_xlog`, na toleo la 10 liliibadilisha jina kwa sababu watu walidhani ni kumbukumbu za kawaida tu, wakawa wanazifuta. Mwenzangu alisita, akampigia simu mtu wa hifadhidata. Kilichotuokoa ni kusita kwake. Ujumbe wangu haukuchangia chochote.

Saa 4. Chanzo kimejulikana. Wiki iliyopita seva moja ya nakala iliondolewa, lakini usajili wake ndani ya seva kuu ulibaki. Kwa hiyo PostgreSQL iliendelea kuitunzia kila badiliko, ikimsubiri asiyerudi. Usipoiwekea kikomo kwa `max_slot_wal_keep_size`, itasubiri mpaka diski ijae, kisha hifadhidata itazima.

Naanza na ile namba. Asilimia 89 ni mbaya kiasi gani? Kwenye diski ya terabaiti 2 imebaki nafasi ya gigabaiti 220. Kwenye ya gigabaiti 20 zimebaki mbili na ushei. Anayeamshwa anataka kujua ana muda gani, basi nikahamia `predict_linear`, kanuni ya Prometheus, mfumo wetu wa kufuatilia seva, inayotazama mwenendo wa saa 6 zilizopita na kukadiria diski itajaa lini. Ina kasoro yake: kazi ya usiku ikiandika mengi kwa dakika kumi kisha ikatulia, makadirio yanaruka. Nikaongeza sharti kwamba hali idumu dakika 30 ndipo ilie.

Saa 6 hivi bosi akapita, akataka kila tahadhari ya diski iandikwe DHARURA. Tulibishana karibu saa nzima. Nikamwonyesha zile mbili nilizofuta asubuhi, zote ziliandikwa DHARURA na hakuna aliyezigusa, kwa sababu wiki nzima zilikuwa zinalia bure. "Lakini diski ni diski," akasema. Mzee, diski ya majaribio inaweza kungoja kuche. Hii ya hifadhidata haingoji. Akaondoka bila kukubali wala kukataa, nami nikahesabu hilo kuwa ruhusa.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyokwenda. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo matano ya kukagua, na mtu aliyetoka usingizini hafiki la tatu. Nikabakiza moja, lile ambalo jibu lake linagawa njia: kama kuna usajili usiotumika, chanzo tunacho, kama hakuna, mwongozo unampeleka kwingine.

Nikampa mwenzangu ajaribu kwenye seva ya majaribio. Akaandika `psql`, ikamjibu kwamba jina lake halitambuliki humo. Jambo dogo, lakini usiku lingemla dakika 20. Kumbe amri lazima iandikwe nzima, ya kunakili na kubandika:

```
[DHARURA] db-2: diski ya data itajaa ndani ya saa 4
Ikijaa, hifadhidata itazima.
USIFUTE chochote ndani ya pg_wal.
Angalia kwanza:
sudo -u postgres psql -c "SELECT slot_name, active FROM pg_replication_slots"
Ukiona f: mwongozo, hatua 2. Usipoona f: hatua 5.
```

Mwanzoni onyo la kutofuta lilikuwa chini kabisa, na kwenye simu yake halikuonekana bila kusogeza. Nikalipandisha.

Giza lilikuwa limeshaingia alipojaribu mara ya mwisho. Dakika moja na nusu, akawa kwenye hatua 2. Kulikuwa bado na sentensi yangu nzuri kuhusu kwa nini PostgreSQL hutunza mabadiliko, niliyoihangaikia tangu saa 9 alasiri.

"Hii je?" nikamuuliza.

"Sikuisoma."

Nikaifuta, nikafunga kompyuta.