Kadi mbili zenye uso mmoja: kumbukumbu ya kadi zangu za mtihani wa huduma ya kwanza

Wiki ya kwanza

Mtihani wa vitendo wa cheti cha huduma ya kwanza umebakiza wiki tano. Utaratibu wa uchunguzi wa awali naujua hata nikiamshwa usiku: angalia hatari, pima mwitikio, ita msaada, fungua njia ya hewa, angalia upumuaji, kisha tafuta damu inayotoka kwa wingi. Kuutaja si tatizo. Shida inaanza ninapopiga magoti kando ya mtu aliyelala sakafuni, kwani hapo mpangilio wote hunivurugika. Ndiyo maana nimeamua kutengeneza kadi za matukio.

Nimekata kadi 12 kwenye karatasi ngumu. Kila moja ina tukio mbele na majibu nyuma. Ya kwanza niliiandika hivi: "Mwanamume wa makamo ameanguka. Hana fahamu na hapumui. Utafanya nini?"

Dada ninayesoma naye aliishika, akaigeuza, akanirudishia. "Kaka, umeshanimalizia kazi. Nani amemwangalia huyu mtu mpaka ukajua hapumui?"

Ni kweli. Kadi zote 12 zilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Mtihani unapima kama ninajua kutafuta, nami nilikuwa najiandikia kile nilichotakiwa kukitafuta. Zote nimezitupa.

Wiki ya pili

Mpangilio mpya ni huu. Mbele ya kadi naandika tu kile ambacho jicho na sikio vitakipata ukiwa umesimama mlangoni. Nyuma kuna mistari miwili miwili: ukifanya hiki, utakuta hiki. Anayeshika kadi hasomi mstari wowote mpaka mtahiniwa afanye tendo lenyewe na kulitaja kwa sauti. Asipofungua njia ya hewa, hapewi habari ya pumzi. Asipotazama mikono na miguu, ile damu inayolowanisha suruali haitatajwa kabisa.

Kulitaja tendo kwa sauti nilikuona kama mchezo wa kuigiza, lakini mkufunzi wetu alinieleza sababu: msimamizi hawezi kuweka alama kwenye wazo lililobaki kichwani mwangu. Nikitupa macho chini mara moja nikaendelea, hana njia ya kujua kama nilikuwa natafuta hatari au nilikuwa natafuta pa kupigia magoti.

Kadi nyingi zimekaa sawa upesi. Aliyepaliwa, aliyeungua, aliyezirai na kuzinduka, hao hawakunisumbua. Iliyonitoa jasho ni kadi namba 7, na wiki nzima iliyofuata niliimaliza kwake.

Wiki ya tatu: kadi namba 7

Mbele inasomeka hivi: "Chumba kina mtu mmoja tu. Mwanamume amelala chali, mikono imetawanyika. Glasi imevunjika karibu na kiganja chake. Unasikia mkoromo."

Nilitaka iwe kadi ya mtu aliyepoteza fahamu lakini anapumua, ambaye jibu lake ni kumlaza ubavu. Nilipoijaribu darasani wakati wa mapumziko, mwenzetu mmoja alisogeza vipande vya glasi, akamtikisa mabega na kumwita, hakujibiwa, akapaza sauti kuomba msaada, kisha akasema, "Anakoroma, basi anapumua," akaanza kumgeuza. Mkufunzi alikuwa anapita. Alimwuliza swali moja tu: umejuaje kwamba ule ni mkoromo wa mtu anayepumua?

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi mwenye kadi pia sikuwa nalo.

Mkoromo wa mtu asiye na fahamu unaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni kwamba misuli imelegea, shina la ulimi limerudi nyuma na kuziba koo nusu, na hewa inapita kwa shida kwenye nafasi iliyobaki. Moyo wa mtu huyu unafanya kazi. Ya pili ni kwamba moyo umeshasimama, na kinachosikika ni ubongo unaoishiwa oksijeni ukiendelea kutuma amri za mwisho kwenye misuli ya pumzi. Hizi ndizo pumzi za kukata roho. Huonekana kwa hadi watu 4 kati ya 10 ambao moyo wao umesimama, hasa katika dakika za mwanzo. Si upumuaji, ingawa zinafanana nao kiasi cha kumdanganya mtu aliye karibu. Ukimlaza ubavu mtu huyu na kukaa kumsubiria gari la wagonjwa, umemwacha bila damu kwenye ubongo.

Basi nimeigawa kadi. Sasa kuna 7A na 7B, na mbele zimeandikwa neno kwa neno sawa. Tofauti iko nyuma tu, nayo haijitokezi mpaka mtahiniwa aweke kiganja kwenye paji la uso, ainamishe kichwa nyuma na kuinua kidevu kwa vidole viwili.

Nyuma ya 7A: "Ukifungua njia ya hewa, mkoromo unapungua, kisha unakwisha. Kifua kinapanda na kushuka. Unahisi hewa shavuni." Hapo kumlaza ubavu ni sawa, kwa sababu mkao huo huacha ulimi na matapishi viangukie mbele badala ya kuziba koo.

Nyuma ya 7B niliandika kwanza: "Pumzi si za kawaida." Nikajikuta nimerudia kosa la wiki ya kwanza. Kusema "si za kawaida" ni uamuzi, na uamuzi ni wa mtahiniwa. Nikafuta, nikaandika: "Mdomo unafunguka ghafla, taya linashuka, sauti fupi kama ya kukoroma, kisha kimya. Kifua hakiinuki sawasawa."

Wiki ya nne

Kuisoma 7B hakutoshi, lazima iigizwe. Dada amelala sakafuni, mimi mtahiniwa, na simu inahesabu sekunde. Tulikubaliana atoe pumzi moja kwenye sekunde ya 2 na nyingine kwenye sekunde ya 9, bila mimi kujua kama tuko kwenye A au B.

Nikafungua njia ya hewa, nikashusha shavu karibu na mdomo wake, macho kuelekea kifuani, nikahesabu mpaka kumi.

"Umepata ngapi?" akauliza.

"Mbili. Anapumua."

Akafungua macho akaniambia, "Kaka, mimi nimeshakufa."

Jambo hili limenifunza kuliko kadi nyingine zote. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo katika sekunde 10 nategemea pumzi mbili au tatu. Pumzi za kukata roho zinaweza kutoa mbili vilevile. Idadi peke yake haitenganishi A na B. Nilipaswa kuangalia namna: je, zinafuatana kwa mpigo ulio sawa, au inakuja moja, kimya kirefu, halafu nyingine ya ghafla? Kifua kinainuka, au kinachosogea ni taya na shingo tu? Je, kufungua njia ya hewa kumebadilisha chochote? Kwenye A kulibadilisha. Kwenye B sauti ilibaki ile ile.

Tuliporudia zoezi, simu ilifichua jambo la pili. Sekunde zangu kumi zilikuwa sita, maana nikiwa na wasiwasi nahesabu mbio. Katika sekunde sita ningekutana na pumzi moja au nisikutane na yoyote, na uamuzi wangu ungekuwa wa kubahatisha. Sasa nahesabu kimoyomoyo "elfu moja na moja, elfu moja na mbili", na nikilinganisha na simu nafika karibu sana na kumi. Kupitiliza nako ni kosa. Mwenzetu mmoja alikaa sekunde 20 akisubiri pumzi ya tatu ili awe na uhakika. Kumi ndiyo mwisho, na ukifika kumi ukiwa na shaka, mchukulie kama hapumui kawaida.

Kanuni hiyo ilinitia hofu. Je, kama nitambonyeza kifua mtu ambaye moyo wake unapiga? Nilimwuliza mkufunzi, akanijibu kwa kulinganisha makosa mawili. Ukimbonyeza asiyehitaji, atasikia maumivu, pengine atakunja uso au kukusukuma, nawe utaacha. Majeraha makubwa kwa njia hiyo ni nadra. Usipombonyeza anayehitaji, hatakusukuma wala kukuambia chochote. Tangu siku hiyo mkono wangu hausiti.

Nyuma ya 7B sasa inaendelea hivi. Mtahiniwa akisema kwamba pumzi si za kawaida, anaambiwa hakuna aliyeitikia wito wake. Lazima apige simu ya dharura mwenyewe, aweke spika, aiweke sakafuni na kuanza: kitako cha kiganja katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, na kuacha kifua kirudi juu kabisa kila mara. Mibonyezo 30, pumzi 2, tena 30. Kisha naongeza mtego mmoja: baada ya mzunguko wa pili mgonjwa anatoa tena ile pumzi ya ghafla. Watu watatu kati ya watano niliowajaribu waliacha kubonyeza wakafurahi kwamba amerudi. Hajarudi. Mibonyezo ikipeleka damu kidogo kwenye ubongo, pumzi hizo zinaweza kuendelea au hata kuongezeka. Wa kumwachia ni yule anayepumua kwa mpigo wa kawaida, anayefungua macho, anayejisogeza.

Wiki ya tano

Nachanganya 7A na 7B na kadi nyingine, natoa moja bila kutazama. Mara kumi za mwisho nimepatia tisa. Ile niliyokosea ilikuwa 7A, na kosa halikuwa kwenye pumzi. Nilimlaza ubavu vizuri, nikaketi nikiwa nimeridhika, nikasahau kumwangalia tena.

Kwa hiyo jana usiku nimeandika 7C, yenye uso ule ule kwa mara ya tatu. Inaanza kama A: mkoromo unakwisha ukifungua njia ya hewa, unamlaza ubavu. Mtahiniwa anatakiwa kurudia kuangalia pumzi kila dakika, bila kukumbushwa. Akifanya hivyo kwenye dakika ya kwanza, anasomewa "kifua kinapanda na kushuka". Kwenye dakika ya pili anasomewa maneno ya 7B, naye anatakiwa amrudishe chali na aanze kubonyeza. Asipoangalia, mshika kadi ananyamaza mpaka dakika tano ziishe, kisha anamwonyesha saa.

Leo jioni dada ndiye atakayeifanya kwanza. Nimeichomeka katikati ya rundo, kati ya aliyeungua na aliyezirai.